Fangasi wa miguu: jinsi ya kupaka klotrimazoli mpaka wapone, na lini ukucha unahitaji vidonge

Dirishani kwenye duka la dawa hapa Mwanza, malalamiko ni yale yale mwaka mzima. "Dada, nilipaka ile krimu nikapona, sasa wamerudi. Hamna kali zaidi?" Wengi wanaouliza ni watu ambao miguu yao inashinda imefungiwa: wabebaji wa samaki pale Mwaloni Kirumba, akina mama wanaokata minofu ya sangara viwandani, walinzi, bodaboda wakati wa mvua, wanafunzi wa bweni. Ukiwahoji kidogo unakuta krimu ilikuwa sahihi kabisa, ila iliachwa wiki moja baada ya kuanzwa kwa sababu muwasho ulikuwa umeisha. Wengine wamepaka miezi mitatu bila mafanikio, na wakivua kiatu unaona tatizo liko ndani ya ukucha, mahali ambapo krimu haifiki.

Nimeandika hapa hatua zote za kutumia klotrimazoli ipasavyo kwa fangasi wa kati ya vidole, kisha namna ya kutambua kwamba umefika mahali pa vidonge.

Kabla ya kununua: ni fangasi kweli?

Kaa kwenye mwanga wa jua, tenganisha kidole cha mwisho na cha pili yake. Fangasi wa miguu mara nyingi huanzia hapo, kwa kuwa vidole hivyo viwili vimebanana kuliko vingine na jasho halipati pa kutokea. Utaona ngozi nyeupe iliyolowa, inayochunika, chini yake pekundu, pengine na mpasuko unaouma ukitembea. Kunawasha, hasa ukivua viatu jioni.

Mambo matatu hufanana nayo na huwapotezea watu fedha. La kwanza ni vishimo vidogo vidogo kwenye nyayo, kama vilivyotobolewa kwa sindano, pamoja na harufu kali sana. Hao ni bakteria wanaopenda miguu ya gambuti, na tiba yake ni dawa ya bakteria ya kupaka pamoja na kukausha miguu. La pili ni vipele juu ya mguu, miguu yote miwili kwa mfanano, pale hasa mpira wa kiatu unapogusa, huku katikati ya vidole kukiwa safi. Huo mara nyingi ni mzio wa mpira. La tatu ni funza, ambaye anakuwa na kidonda kidogo chenye nukta nyeusi, mara nyingi pembeni ya ukucha.

Usianze kujitibu nyumbani, nenda kituo cha afya, kama una kisukari, kama mguu umevimba na wekundu unapanda kwenda juu, kama kuna usaha au homa. Mpasuko wa fangasi ni mlango wa bakteria, na kwa mwenye kisukari mlango huo unaweza kuishia kwenye kidonda kikubwa.

Unavyohitaji

- Krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1, tyubu mbili za gramu 20. Kwa nini mbili, nitaeleza kwenye hesabu chini.
- Taulo dogo au kitambaa cha pamba cha miguu peke yake, kisichoshirikiwa.
- Soksi za pamba, walau jozi tatu.
- Ndala za kuogea za kwako mwenyewe.
- Kalenda, au simu ya kuandikia tarehe.

Kuhusu krimu, soma boksi kabla hujalipa. Kwenye orodha ya dawa iliyomo liwemo jina moja tu, klotrimazoli. Ukiona pia betamethasoni, klobetasoli au deksamethasoni, rudisha. Hizo ni steroidi. Zinazima wekundu na muwasho ndani ya siku mbili tatu, ndiyo maana watu wanazisifia kuwa "kali", lakini zinapunguza kinga ya ngozi na kuwaachia fangasi nafasi ya kuenea. Wanaporudi wanarudi na eneo kubwa zaidi, na wakati huo hata mtaalamu anapata shida kuwatambua kwa sababu sura yao imebadilika. Wauzaji wengi hutoa mchanganyiko huu kwa nia njema, mteja akitaka nafuu ya haraka. Wewe omba klotrimazoli tupu.

Hatua kwa hatua

1. Osha miguu kwa maji safi na sabuni ya kawaida. Pitisha kidole kati ya kila vidole viwili. Kama unafanya kazi mwaloni, usioshee miguu ziwani ukidhani umemaliza kazi. Maji ya ufukweni yana hatari ya kichocho, na ukitoka hapo utavaa ndala zenye mchanga na miguu ikiwa bado imelowa. Subiri maji ya bomba.

2. Kausha kwa kukandamiza, usisugue. Shika pembe ya kitambaa, ingiza kati ya kila vidole, bana, toa. Kisha kaa miguu wazi kwa dakika kama tano. Krimu ikipakwa juu ya unyevu inafungia unyevu ule ule unaowalisha fangasi. Ile ngozi nyeupe inayoning'inia usiichune kwa kucha wala wembe. Itatoka yenyewe ikikauka.

3. Pima krimu. Finya mstari kuanzia ncha ya kidole chako cha shahada mpaka mkunjo wake wa kwanza. Hiyo ni karibu nusu gramu, na inatosha kwa eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Kwa fangasi wa kati ya vidole, mstari huo mmoja unatosha miguu yote miwili.

4. Paka kupita mpaka wa tatizo. Anzia kwenye ngozi nzima, kama sentimita mbili nje ya palipobadilika, uingie ndani. Fangasi wameshatangulia mbele ya kile unachokiona. Paka nafasi zote nne za kila mguu hata kama mbili zinaonekana safi, na upande wa chini wa vidole pia. Sambaza mpaka weupe wa krimu upotee. Tabaka nene haliponyi haraka, linalowesha tu.

5. Rudia mara mbili kwa siku. Asubuhi kabla ya soksi, na usiku kabla ya kulala. Maelezo ya baadhi ya tyubu yanasema mara mbili hadi tatu. Mara mbili bila kukosa inatosha. Nawa mikono kila ukimaliza.

6. Vaa soksi kabla ya chupi. Ukipitisha nguo ya ndani kwenye vidole vyenye fangasi, unawabeba hadi kinenani. Wanaume wengi wanaokuja na muwasho wa kinena nikiwaomba wavue viatu, chanzo kinaonekana pale pale.

7. Badili soksi kila siku, na katikati ya zamu kama unavaa gambuti. Gambuti likivuliwa ligeuzwe mdomo chini, lisiwekwe kwenye kona yenye maji. Ukiweza kuwa na jozi mbili, vaa moja leo na nyingine kesho, kila moja ipate siku nzima ya kukauka. Kama kazini gambuti ni za kuazimana, soksi zako za pamba ndiyo kinga pekee uliyonayo, kwa hiyo usivae bila soksi.

8. Andika tarehe ngozi iliyopona, kisha hesabu siku 14 mbele. Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, kwa hiyo naieleza kwa urefu.

Upake mpaka lini?

Klotrimazoli kwa kiasi kikubwa inawazuia fangasi wasikue. Haiwaui wote kwa pigo moja. Wanaishi kwenye tabaka la juu la ngozi, lile lililokufa tayari, na tabaka hilo linahitaji wiki kadhaa kubanduka na kutoka nao. Ukiacha dawa mapema, waliobaki kwenye ngozi ambayo bado haijabanduka wanaendelea na maisha yao.

Kwa hiyo muwasho kuisha, ambako kwa kawaida hutokea ndani ya wiki ya kwanza, si kupona. Kupona ni hivi: umeoga, umekausha, umekaa juani, umetenganisha vidole, na huoni weupe, magamba wala mpasuko, na ngozi ya pale inafanana na ya sehemu ambayo haijawahi kuugua. Siku hiyo ndiyo unayoandika. Kuanzia hapo endelea kupaka kwa wiki mbili zaidi, mara mbili kwa siku kama mwanzo. Kwa walio wengi jumla inafika wiki nne au inazidi kidogo.

Sasa hesabu ya tyubu. Nusu gramu asubuhi na nusu gramu usiku ni gramu moja kwa siku. Tyubu ya gramu 20 inakwisha siku ya 20. Ukinunua moja tu, dawa inakuishia wakati ngozi imeanza kupendeza na mfuko unasema inatosha. Kwa matibabu ya siku 28 au 30 unahitaji tyubu mbili. Kama fedha haitoshi kwa mkupuo mmoja, nunua ya pili siku ya 15, kabla ya kwanza haijaisha.

Ipo pia krimu ya terbinafini, bei yake huwa juu kidogo. Yenyewe inaua fangasi, na kwa fangasi wa kati ya vidole wiki moja mara nyingi inatosha. Kama unajijua huwezi kuvumilia kupaka mwezi mzima, inafaa kuiulizia. Klotrimazoli nayo, ikipakwa kwa muda wake, inafanya kazi vizuri, ni rahisi kupatikana hata Ukerewe na Sengerema, na mjamzito anaweza kuipaka miguuni.

Makosa ninayoyaona sana

Kupaka mafuta ya taa, maji ya betri au dawa ya kung'arishia nguo. Yanaunguza ngozi, muwasho unapotea kwa sababu maumivu yameufunika, na kidonda kinachobaki kinahitaji wiki nyingi. Ikiwa ulishafanya hivyo na kuna kidonda kibichi, usipake krimu juu yake. Nenda ukaonwe.

Kupaka mafuta ya mgando kwenye vidole baada ya kuoga. Nyayo zinaweza kuhitaji, kati ya vidole hapana, maana yanafungia unyevu.

Kutibu mguu mmoja tu, au kujitibu peke yako wakati mnaolala chumba kimoja mnashirikiana ndala za bafuni. Mwenzako akiwa na fangasi na asitibiwe, atakurudishia.

Na hili la akina dada hasa: vijana wanaopita mitaani na beseni kuosha miguu na kupaka rangi kucha. Wanafanya kazi nzuri, lakini kikatio na brashi ile ile vinapita miguu mingi kwa siku. Nunua vya kwako, umpe atumie hivyo.

Magaga yanayokataa mafuta

Kuna fangasi wasiokaa kati ya vidole. Wanaenea unyayo mzima na kupanda pembeni, ngozi inakuwa nene, kavu, na mistari yake imejaa weupe kama unga. Watu wanadhani ni magaga, wanasugua kwa jiwe na kupaka mafuta miaka. Dalili moja inasaidia sana: angalia viganja. Ukikuta nyayo zote mbili zina ukavu huo na kiganja kimoja tu nacho kinao, fikiria fangasi. Ngozi ya unyayo ni nene, krimu inapenya kwa shida, na mara nyingi daktari huandika terbinafini ya vidonge kwa wiki 2 hadi 6. Hawa pia ndio ambao kucha zao huwa zimeshaingiliwa.

Ukucha: mahali krimu inapokomea

Ukucha ni bamba gumu. Fangasi wanakaa chini yake na ndani yake, na krimu ya klotrimazoli iliyopakwa juu haipenyi mpaka waliko. Unaweza kumaliza tyubu kumi, ukucha ukabaki vile vile. Kinachofanya kazi ni dawa ya kumeza, inayopita kwenye damu na kuingia kwenye ukucha wakati unatengenezwa pale shinani.

Ukucha wenye fangasi huwa wa njano au kahawia, umeongezeka unene, unameguka, na chini yake kuna ungaunga. Lakini sikiliza vizuri hapa: kucha mbovu nyingi si fangasi. Zipo zilizoharibika kwa kugongwa na kiatu, kwa ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi, kwa umri. Karibu nusu ya kucha zilizoharibika hazina fangasi kabisa. Ndiyo maana hutakiwi kuanza vidonge vya miezi mitatu kwa kuangalia tu. Omba kipimo. Wanakata na kukwangua ungaunga wa chini ya ukucha, wanaulainisha kwa potasiamu haidroksaidi na kuutazama kwa darubini, na pengine kuuotesha. Kwa hapa mjini uliza kwenye hospitali kubwa kama Sekou Toure au Bugando. Usipake chochote kwenye ukucha wiki kadhaa kabla ya kipimo, na usiwe umemeza dawa ya fangasi karibuni, la sivyo majibu yanaweza kusema hakuna wakati wapo.

Vidonge vinafikiriwa pale fangasi wamethibitishwa na mojawapo ya haya lipo:

- ubovu umefika shinani, kwenye nyama inayozaa ukucha, au umekula zaidi ya nusu ya ukucha;
- kucha zilizoathirika ni kadhaa;
- ukucha unauma, unazuia kuvaa kiatu, au wewe mwenyewe una kisukari;
- fangasi wa ngozi wanarudi kila mara kwa sababu ukucha umebaki kuwa ghala lao.

Kama ni ncha tu ya ukucha mmoja, rangi ya dawa kama amorolfini ya asilimia 5 inaweza kutosha, ikipakwa mara moja au mbili kwa wiki, ila kwa ukucha wa mguu inachukua miezi 9 hadi 12. Na kama ukucha haukusumbui na huna kisukari, una haki ya kuuacha tu, ukaendelea kutibu ngozi.

Jambo moja lisipite: ukucha unaoanza kuwa mweupe kutokea shinani kwenda mbele, badala ya kuanzia nchani, wakati mwingine ni ishara ya kinga iliyoshuka. Pima VVU. Kama hali yako unaijua na uko kwenye dawa, waambie kliniki yako.

Vidonge vyenyewe

Terbinafini ndiyo inayotangulia kwa fangasi wa kawaida wa kucha. Mtu mzima humeza miligramu 250 mara moja kwa siku, wiki 6 kwa kucha za mikono, wiki 12 kwa za miguu. Ni dawa ya cheti, na kabla ya kuanza daktari hupima ini. Mwenye ugonjwa wa ini haipewi, na mjamzito au anayenyonyesha husubirishwa. Mwambie daktari dawa zote unazotumia. Amitriptilini na metoprololi zinaweza kuongezeka mwilini ukiichanganya nazo, na rifampisini ya TB inaipunguza nguvu. Mkojo ukiwa kama chai, macho yakawa ya njano, ukakosa hamu ya kula kwa siku mfululizo au ukatokwa na upele, acha na urudi hospitali siku hiyo hiyo. Ladha ya chakula ikipotea, mwambie daktari mapema.

Itrakonazoli ni chaguo la pili: miligramu 200 asubuhi na 200 jioni kwa siku 7, unapumzika siku 21, unarudia. Kucha za mikono awamu mbili, za miguu tatu. Haifai kwa mwenye moyo dhaifu, na inagongana na dawa nyingi zikiwemo baadhi za VVU na simvastatini ya kolesteroli. Griseofulvini, ambayo bado ipo kwenye rafu nyingi, kwa kucha za miguu inaweza kuhitaji mwaka au zaidi na matokeo yake ni hafifu. Tena haifai kabisa kwa mjamzito.

Usinunue vidonge vya ketokonazoli kwa ajili ya ngozi au kucha, hata ukiambiwa ni bei nafuu. Mwaka 2013 mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya ziliizuia kwa matumizi haya kwa sababu inaweza kuharibu ini vibaya. Ile ya kupaka na ya shampuu haina tatizo hilo.

Mfano mmoja mpaka mwisho

Chukua mbebaji wa samaki wa miaka 35, gambuti miguuni kuanzia saa kumi alfajiri hadi mchana. Kidole cha mwisho na cha pili yake kumechunika miguu yote. Ukucha wa kidole gumba cha kulia ni wa njano, mnene, na ubovu umefika shinani. Cha pili yake nacho kimeanza. Ameshanunua klotrimazoli mara tatu, kila mara akapaka wiki moja.

Anaanza tarehe 1, mara mbili kwa siku. Tarehe 6 haiwashi tena. Zamani angeishia hapo. Anaendelea, na tarehe 16 akikagua juani haoni kitu. Anahesabu siku 14, anamaliza tarehe 30. Ametumia gramu 30, tyubu moja na nusu.

Wakati huo ameenda kupima ukucha, ambao hajaupaka chochote, na majibu yamesema fangasi wapo. Ini liko sawa. Anaandikiwa terbinafini, vidonge 84, kimoja kila siku. Kabla ya kidonge cha kwanza anachukua tupa ndogo ya kucha na kukwaruza mstari mwembamba juu ya ukucha, pale hasa ubovu unapokomea karibu na shina.

Wiki ya 12 vidonge vimeisha, na anarudi kasononeka: ukucha bado mbovu. Ukiuangalia vizuri, ule mstari umesogea mbele milimita tatu au nne, na nyuma yake, kutoka shinani, umeota ukucha msafi wa waridi. Hayo ni mafanikio. Ukucha wa kidole gumba cha mguu unakua milimita 1 hadi 1.5 kwa mwezi, kwa hiyo kuubadilisha wote kunachukua miezi 12 hadi 18, na dawa inabaki ndani ya ukucha kwa miezi baada ya kuacha kumeza. Hahitaji vidonge vingine. Anakata sehemu mbovu kadiri inavyosogea, na akiona dalili kati ya vidole anarudi kwenye krimu mapema.

Ikienda kombo

*Wiki mbili nimepaka, hakuna nafuu yoyote.* Rudi kwenye ukaguzi wa mwanzo: huenda ni bakteria au mzio. Angalia pia boksi, pengine ulipewa mchanganyiko wenye steroidi, au tyubu imepita tarehe au ilikaa kwenye dirisha la jua.

*Wiki nne zimepita, imepungua lakini haijaisha.* Usiongeze tyubu ya tatu kwa mazoea. Onwa na mtaalamu wa ngozi, achukue magamba apime.

*Krimu inachoma.* Kuchoma kidogo penye mpasuko kunapita baada ya siku moja mbili. Kukiwa na malengelenge au uvimbe, acha, huenda inakukataa.

*Kuna harufu na majimaji ya kijani.* Bakteria wameungana na fangasi. Krimu peke yake haitatosha, nenda kituoni.

*Nilikosa siku tatu.* Endelea ulipoishia, usipake maradufu. Kama ulikuwa ndani ya zile siku 14 na weupe umerudi, futa hesabu, anza kuhesabu upya siku utakayoona ngozi imekuwa safi tena.

*Ukucha: ubovu umevuka mstari kurudi shinani baada ya vidonge.* Dawa haijafanya kazi, au aliyeko si fangasi wa kawaida. Rudi na kipimo kipya cha kuotesha kabla ya kumeza awamu nyingine. Ikiwa mstari haujasogea mbele kwa miezi kadhaa, ukucha wenyewe haukui, na hilo huonekana kwa wazee na kwa wenye mzunguko hafifu wa damu miguuni. Mwombe daktari akague mapigo ya damu ya mguu.